Kutunga Maswali ya Kutafuta Kosa katika Aljebra: Mwongozo kwa Walimu wa Hisabati

Swali la kutafuta kosa humpa mwanafunzi hesabu iliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua, ikiwa na kosa ndani yake. Mwanafunzi haambiwi akokotoe x. Anatakiwa aonyeshe mstari ambao kosa limeingia, aeleze kwa nini ni kosa, kisha aiendeleze hesabu vizuri kuanzia hapo. Kwa kuliangalia tu, ni swali jepesi kutunga: unachukua hesabu sahihi, unaiharibu mahali pamoja, unaandika chini yake "Tafuta kosa". Lakini maswali mengi yaliyotungwa hivyo hayapimi kinachokusudiwa. Mengine yana kosa ambalo hakuna mwanafunzi angelifanya. Mengine yana makosa mawili, na mtunzi hajui. Mengine yanaishia kwenye jibu lenye sura ya ajabu kiasi kwamba mtoto anajua hesabu imeharibika kabla ya kusoma hata mstari mmoja.

Mwongozo huu unahusu milinganyo yenye herufi moja, ya aina inayofundishwa mwishoni mwa shule ya msingi na katika miaka ya mwanzo ya sekondari. Kanuni zake zinafaa pia kwa milinganyo ya kipeo cha pili, na mahali zinapohitaji nyongeza tutasema.

Pa kulipata kosa

Kosa linalofaa ni lile ambalo mwanafunzi analifanya akiamini yuko sawa. Mtoto anayeandika 7 × 8 = 54 ameteleza. Ukimwuliza atarekebisha mwenyewe, na swali lililojengwa juu ya mtelezo huo humfanya msomaji akague jedwali la kuzidisha badala ya kufikiri kuhusu aljebra. Lakini mtoto anayetoka 3x = 12 akaandika x = 12 − 3 hakuteleza. Ameambiwa darasani "hamisha upande, badili ishara", na yeye ameihamisha 3. Kwa akili yake ametii sheria. Hilo ndilo kosa la kutungia swali, kwa sababu lina utetezi.

Kwa hiyo kabla ya kulipanda kosa lolote, jiulize mwanafunzi angesema nini kulitetea. Aliyefungua −2(x − 3) akapata −2x − 6 atasema alama ya kutoa ilikuwa mbele, basi kila kitu kimekuwa cha kutoa. Aliyejumlisha 3x na 11 akapata 14x atasema kuna alama ya kujumlisha katikati, na jibu haliwezi kubaki na alama ndani yake. Aliyepanua (x + 3)² akaandika x² + 9 atasema kila kilichomo ndani ya mabano kimepewa kipeo chake. Hoja hizo si sahihi, ila ni hoja. Kama huwezi kumtungia mwanafunzi utetezi hata wa sentensi moja, kosa hilo liache.

Chanzo bora cha makosa ya namna hii ni madaftari unayosahihisha. Tenga ukurasa mmoja wa kuandikia mistari mibovu jinsi ilivyoandikwa, pamoja na mstari ulioitangulia, bila jina la mwanafunzi. Mstari mbovu ukijirudia katika madaftari ya wanafunzi wanaokaa mbalimbali, umepata uelewa potofu wa darasa zima. Chanzo cha pili, ambacho walimu wengi hawakitumii, ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa kila somo. Ndani yake kuna vielelezo vya majibu yasiyo sahihi vilivyochukuliwa kutoka kwenye karatasi za watahiniwa wenyewe, pamoja na maelezo ya pale walipokosea. Mwalimu anayetunga maswali haya hana haja ya kubuni makosa. Yapo, yameandikwa na watoto kwa mikono yao.

Kulijenga swali: mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Tuchukue kosa la alama ya kutoa mbele ya mabano, kwa kuwa ni la kawaida sana na linadumu hata kwa wanafunzi wazuri. Tunataka mlinganyo wenye mabano mawili, la pili likitanguliwa na namba hasi, na ndani yake kuwe na kutoa. Kwa mfano:

```
5(x + 1) − 2(x − 3) = ?
```

Upande wa kulia tumeuacha wazi kwa makusudi. Mtunzi anaanza na jibu. Tuseme tunataka x iwe 5. Tukiweka 5 mahali pa x, upande wa kushoto unakuwa 5 × 6 − 2 × 2, yaani 30 − 4, ambayo ni 26. Basi mlinganyo wetu ni 5(x + 1) − 2(x − 3) = 26, na jibu sahihi ni 5.

Sasa tunapanda kosa. Mwanafunzi wetu atafungua mabano ya pili na kupata −2x − 6 badala ya −2x + 6. Baada ya hapo asikosee tena. Kila mstari unaofuata utokane kihalali na mstari ulio juu yake, hata kama ule wa juu ni mbovu:

```
1.  5(x + 1) − 2(x − 3) = 26
2.  5x + 5 − 2x − 6 = 26
3.  3x − 1 = 26
4.  3x = 27
5.  x = 9
```

Angalia jibu la mwisho. Ni 9, namba nzima, safi, haina sura ya kutiliwa shaka. Jambo hili halikuja kwa bahati. Kama ndani ya mabano ya pili tungeweka 4 badala ya 3, na upande wa kulia tukaweka 25, jibu sahihi lingekuwa 4, lakini njia yenye kosa ingeishia kwenye 3x = 28, na x ikawa 28 juu ya 3. Wanafunzi wetu wamezoea hesabu za darasani zenye majibu mazuri, kwa hiyo sehemu kama hiyo ingewaambia mapema kwamba kuna jambo. Wangeanza kutafuta kosa kwa sababu ya sura ya jibu, si kwa kusoma hatua.

Njia ya kupata majibu mawili safi ni rahisi ukishaiona. Kosa la alama limeigeuza +6 kuwa −6, yaani limepunguza 12 upande wa kushoto. Namba inayobaki ikizidisha x ni 3. Kwa kuwa 12 inagawanyika kwa 3, jibu bovu litatofautiana na jibu sahihi kwa 4 kamili: 5 na 9. Kwa kosa la aina hii, basi, zidisha namba iliyo nje ya mabano kwa namba iliyo ndani, zidisha mara mbili, kisha hakikisha kinachopatikana kinagawanyika kwa namba itakayobaki ikizidisha x. Hapa ni 2 × 3 × 2, yaani 12, kugawanya kwa 3. Ukishapata uwiano huo, unaweza kubadili upande wa kulia utakavyo, mradi jibu sahihi libaki namba nzima, na jibu bovu litakuwa namba nzima pia.

Kuna jambo la tatu kwenye mistari hiyo mitano: kila mstari umebeba kazi moja tu. Mstari wa 2 unafungua mabano. Mstari wa 3 unakusanya zinazofanana. Wa 4 unajumlisha 1 pande zote mbili, wa 5 unagawanya. Laiti tungeruka kutoka mstari wa 1 moja kwa moja hadi 3x − 1 = 26, kosa lingekuwa limejificha kati ya kufungua mabano na kukusanya, na mwanafunzi asingeweza kusema kwa uhakika liko wapi. Angelazimika kukisia kilichokuwa kichwani mwa mtu asiyemwona. Hesabu ya kutafutia kosa iandikwe kwa mistari mingi kuliko ile ambayo ungeandika wewe ubaoni.

Kulikagua swali kwa majibu yote mawili

Hiki ndicho kipimo ninachoomba kila mwalimu akitumie kabla ya kuchapa karatasi. Kinachukua dakika chache na kinakamata karibu kila dosari ya utungaji.

Chukua jibu sahihi, 5, uliweke mahali pa x katika kila mstari. Mstari wa 1 unatoa 26, sawa na upande wa kulia. Mstari wa 2 unatoa 25 + 5 − 10 − 6, yaani 14, si 26. Mstari wa 3 unatoa 14 tena. Wa 4 unasema 15 ni sawa na 27, wa 5 unasema 5 ni sawa na 9. Kwa hiyo jibu sahihi linakubali mpaka mstari wa 1 na linakataa kuanzia wa 2 hadi mwisho. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Kisha chukua jibu bovu, 9, ufanye vivyo hivyo. Mstari wa 1 unatoa 5 × 10 − 2 × 6, yaani 38, haukubali. Mstari wa 2 unatoa 45 + 5 − 18 − 6, yaani 26, unakubali. Mstari wa 3, wa 4 na wa 5 yote inakubali. Jibu bovu linakataa juu ya kosa na linakubali chini yake.

Picha hizi mbili zikikutana mahali pamoja, swali lako lina kosa moja tu na liko pale ulipolipanda. Zisipokutana, kuna dosari. Tuseme jibu sahihi linaanza kukataa mstari wa 2, lakini jibu bovu linaanza kukubali mstari wa 4 badala ya wa 2. Maana yake ni kwamba kati ya mstari wa 2 na wa 4 kuna kosa la pili ambalo hukulikusudia, mara nyingi la kunakili au la kujumlisha. Ni mtego ulio wazi kwa mtunzi aliyechoka, kwa sababu macho yake yanalitazama kosa alilolipanda na kuyapita mengine.

Wafundishe wanafunzi kipimo hiki pia. Mwanafunzi aliyejipatia jibu sahihi pembeni anaweza kuliweka katika kila mstari mpaka afike panapokataa. Hii si hila ya kukwepa kufikiri. Ni kuielewa maana ya mlinganyo: kila mstari unadai jambo lile lile kuhusu namba ile ile, na dai linapovunjika, mstari huo umebadilisha hesabu. Hata hivyo kipimo kinamwonyesha mahali tu. Sababu na masahihisho bado ni kazi yake, na ndiyo maana havitakiwi kukosekana katika swali.

Namba zinazolificha kosa

Zipo namba ambazo, ukizitumia, njia mbovu inafika kwenye jibu zuri. Mwalimu anayetaka kuonyesha kosa la kuihamisha namba inayozidisha x akichagua 2x = 4, mwanafunzi atatoa 2 kutoka 4 apate 2, na 2 ndilo jibu. Kosa lipo, lakini hakuna anayeweza kulithibitisha kwa kuweka thamani. Tumia 3x = 12 na tofauti inajitokeza: 9 kwa njia mbovu, 4 kwa njia nzuri.

Kosa la kujumlisha 3x na 11 kuwa 14x lina mtego wake. Mtu anaweza kuandika 3x + 11 = 14 kwa sababu namba zake ni ndogo na nzuri. Jibu sahihi ni 1. Njia mbovu inaandika 14x = 14, nayo inapata 1. Hii itatokea kila mara jibu likiwa 1, kwa kuwa x ikiwa 1 hakuna tofauti kati ya 3x + 11 na 14x. Badili upande wa kulia uwe 56: sasa jibu sahihi ni 15 na lile bovu ni 4, yote namba nzima, na yametengana vya kutosha. Kwa ujumla usikubali jibu sahihi liwe 0, 1 au 2 bila kulikagua kwa njia iliyoelezwa juu.

Katika maswali ya kurahisisha, ambako hakuna alama ya usawa ya kutatua, ukaguzi ni wa kuweka namba moja katika kila mstari na kuangalia kama thamani inabaki ile ile. Hapa pia chagua namba kwa uangalifu. (x + 3)² na x² + 9 zinatoa 9 zote mbili x ikiwa 0. x² na 2x zinalingana x ikiwa 0 au 2. Tumia 5 au 7, na kosa litajionyesha.

Milinganyo ya kipeo cha pili inahitaji tahadhari moja zaidi. Mwanafunzi anayetoka x² = 5x akagawanya pande zote kwa x, akapata x = 5, amepoteza jibu la pili, ambalo ni 0. Ukikagua kwa 5 peke yake, kila mstari unakubali, na utadhani hesabu haina kosa. Kagua kwa majibu yote ya mlinganyo wa kwanza. 0 inakubali mstari wa 1 na kukataa mstari wa 2, na hapo tunaona kwamba kosa halikuwa kupata jibu lisilo sahihi bali kulitupa jibu lililo sahihi. Ni swali zuri sana kwa wanafunzi waliokwisha kuzoea aina za mwanzo, kwa kuwa linawalazimisha kukubali kwamba jibu linaweza kuwa la kweli na hesabu ikawa bado ina kosa.

Maneno ya swali

Sehemu ya maneno huonekana ndogo, lakini karatasi nyingi huharibikia hapo. "Tafuta kosa" halitoshi. Mwanafunzi atazungushia x = 9, aandike "jibu si sahihi", na atakuwa amejibu ulichouliza. Andika hivi:

Hapa chini ni kazi ya mwanafunzi aliyekokotoa thamani ya x. Kazi ina kosa moja. (a) Taja namba ya mstari ambapo kosa linaonekana kwa mara ya kwanza. (b) Eleza kwa nini mstari huo haufuati kutoka kwa ule ulio juu yake. (c) Andika upya mstari huo kwa usahihi, uendelee mpaka kupata thamani ya x.

Maneno "kwa mara ya kwanza" ndiyo yanayotenganisha kosa na matokeo yake. Mstari wa 3 nao haulingani na mlinganyo wa mwanzo, lakini haukukosea wenyewe, umerithi. Sehemu ya (c) nayo inamzuia mwanafunzi asianze upya juu kabisa, akaacha kazi ya mwenzake bila kuisoma.

Mwanafunzi wa kwenye karatasi asipewe jina la mtoto aliyemo darasani, wala kazi isinakiliwe kutoka kwenye daftari linaloweza kutambulika. Chukua kosa, badili namba zote, andika kwa mwandiko wako.

Kuhusu kama umwambie mwanafunzi kosa liko wapi, kuna utafiti unaofaa kuzingatiwa. Mwaka 2007 Cornelia Große na Alexander Renkl wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwapa wanafunzi mifano yenye makosa katika hesabu za uwezekano. Waliokuwa na msingi mzuri walinufaika na mifano hiyo. Waliokuwa na msingi dhaifu walipata shida, ila walisaidika kosa lilipowekewa alama wakabaki na kazi ya kueleza. Kwa aljebra ya madarasa yetu, yenye wanafunzi wa viwango vyote katika chumba kimoja, napendekeza ngazi tatu. Mwanzoni weka mshale kwenye mstari mbovu na uulize sababu na masahihisho tu. Wakizoea, ondoa mshale lakini waambie kosa lipo na ni moja. Baadaye sana, changanya kazi zenye makosa na kazi zisizo na kosa lolote, na uwaambie hivyo wazi. Katika ngazi hii ya mwisho anayesema "hakuna kosa" lazima athibitishe kwa kuweka jibu katika mstari wa 1, vinginevyo jibu hilo litakuwa kimbilio la asiyetaka kusoma.

Badilisha pia mahali pa kosa. Mlinganyo wetu ule ule unaweza kutoa karatasi nyingine ambayo mabano yamefunguliwa vizuri, 3x + 11 = 26 ikafuata, kisha 3x = 15, halafu mstari wa mwisho ukasema x = 12 kwa sababu 3 imehamishwa na kutolewa. Mwanafunzi akiona karatasi kadhaa ambazo kosa liko mstari wa 2 kila mara, ataacha kusoma mingine.

Kusahihisha

Swali hili lipewe alama 5: mahali 1, sababu 2, masahihisho 2. Mahali pana alama moja kwa sababu panaweza kukisiwa. Penye mistari minne ya kuchagua, anayebahatisha atapata mara moja kwa kila mara nne. Sababu ndiyo yenye uzito, na ndiyo ngumu kusahihisha, kwa hiyo andika majibu yanayokubalika kabla hujaanza kusahihisha karatasi ya kwanza.

Kwa mfano wetu, jibu la alama 2 ni la mwanafunzi anayesema kwamba −2 inazidisha kila kilichomo ndani ya mabano, na −2 × −3 ni +6, si −6. Anayesema "amekosea ishara" bila zaidi apewe 1, kwa kuwa ameona kilichobadilika lakini hajaonyesha kwa nini kilipaswa kuwa vingine. Anayesema "alitakiwa kupata 5" asipewe alama ya sababu, ameeleza matokeo. Masahihisho ya alama 2 ni haya:

```
2.  5x + 5 − 2x + 6 = 26
3.  3x + 11 = 26
4.  3x = 15
5.  x = 5
```

Alama moja ni ya mstari wa 2 ulioandikwa vizuri, ya pili ni ya kufika 5 kwa njia inayofuatana. Mwanafunzi aliyeonyesha mstari wa 3 na kusema ulipaswa kuwa 3x + 11 amekosa alama ya mahali, lakini akiendelea vizuri hadi 5 apewe alama ya njia. Aliyekokotoa upya kuanzia mstari wa 1 akapata 5, bila kutaja kosa liko wapi, apate 2 kati ya 5. Wengine wataona huo ni ukali. Sioni hivyo: huyo ameonyesha kwamba anajua kukokotoa, na jaribio la kawaida lilikwisha kumpa alama za hilo. Hapa tunapima kama anaweza kuisoma hesabu na kuitolea hukumu. Ila haki inadai mgawanyo wa alama uandikwe kwenye karatasi, pembeni ya (a), (b) na (c), ili ajue mapema.

Katika shule ambako somo linafundishwa kwa Kiingereza, sehemu ya (b) hukwamisha wengi kwa sababu ya lugha kuliko hesabu. Wajadili kwanza kwa Kiswahili wawili wawili, kila mmoja akiwa amekwisha kuandika namba ya mstari wake kimya kimya kabla ya kuzungumza, kisha waandike sababu kwa lugha ya mtihani. Ukiruhusu mazungumzo kabla ya kuandika, mwenye sauti ataamua kwa niaba ya mwenzake.

Hofu ya kufundisha kosa

Walimu wengi wanasita: je, mtoto akiona mstari mbovu hataukariri? Hofu hiyo ina msingi pale kosa linapoachwa ubaoni bila alama, au linapoonyeshwa kabla njia sahihi haijakaa. Kwa hiyo usianze mada na swali la kutafuta kosa. Subiri mpaka wanafunzi wamefanya milinganyo ya aina hiyo kwa njia nzuri kwa vipindi kadhaa. Somo linapokwisha, mstari mbovu ukatwe kwa kalamu nyekundu katika kila daftari, alama ya kosa iwekwe, na mstari sahihi uandikwe mbele yake. Anayefungua daftari hilo mwezi mmoja baadaye akijisomea asiwe na namna ya kudhani kwamba 5x + 5 − 2x − 6 ndiyo njia.

Ishara kwamba swali limefanya kazi haionekani katika swali lenyewe. Wiki inayofuata wape mlinganyo wa kawaida wenye kutoa mbele ya mabano, usiseme chochote kuhusu makosa, uhesabu wangapi wameandika alama isiyo sahihi. Linganisha na idadi iliyokuwa kwenye ule ukurasa wako wa mistari mibovu. Ikiwa haijapungua, tatizo huenda si ishara bali maana ya mabano, na swali jingine la kutafuta kosa halitalitibu. Rudi kwenye kuzidisha −2 × −3 kwa namba tupu, bila x.

Na kabla ya kuchapa, mpe mwalimu mwenzako karatasi bila majibu. Mwombe ataje mstari na sababu. Akitaja mstari tofauti na wako, usibishane naye. Irudishe karatasi mezani, ukague tena kwa majibu yote mawili, uitengeneze upya ndipo uipeleke darasani.